Mtoto wa kilo 20 mwenye ketoasidosisi: kupanga dripu ya insulini na maji bila kuuvimbisha ubongo

Mwongozo huu ni kwa muuguzi au afisa tabibu wa wodi ya watoto ambaye hana pampu ya dripu, maabara yake inarudisha majibu baada ya saa kadhaa, na daktari bingwa yuko upande wa pili wa simu. Hiyo ndiyo hali ya wodi nyingi Uganda. Nitatumia mtoto mmoja wa mfano tangu anapoingia hadi dripu inapotolewa, kwa sababu hesabu za ketoasidosisi ya kisukari hueleweka zikiwa na kilo na saa za mtu fulani.

Tuchukue msichana wa miaka 7, ameletwa Arua saa tano asubuhi kutoka kliniki moja ya njiani. Barua ya rufaa inasema malaria kali na nimonia. Amekonda wiki hizi, anakojoa usiku kucha, tangu jana anatapika na tumbo linamuuma. Anapumua kwa kina na kwa haraka, lakini mapafu ukiyasikiliza ni safi. Pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu. Sukari ni milimoli 27 kwa lita, na karatasi ya mkojo ina ketoni alama tatu. Mashine ya kupima asidi ya damu haipo, lakini sukari iliyozidi 11, ketoni nyingi na pumzi ya namna hii vinatosha kuanza tiba.

Mpime uzito kwenye mizani. Usikadirie kwa macho, kwa sababu kila namba inayofuata inatoka kwenye uzito huo. Huyu ana kilo 20.

Kwanza, uliza ameshapewa maji kiasi gani

Watu wengi huliruka swali hili. Mtoto akifika, tunaanza hesabu upya kana kwamba ametoka nyumbani moja kwa moja. Huyu alitundikiwa chupa nzima ya salaini, mililita 500, ikaisha kwa muda wa saa moja hivi. Kwa kilo zake, hizo ni mililita 25 kwa kila kilo. Ni nyingi kuliko ambazo ungempa wewe mwenyewe.

Mtoto ambaye hajapewa kitu na hayuko kwenye mshtuko huanza na salaini ya asilimia 0.9, mililita 10 kwa kila kilo, ikiingia kwa nusu saa. Miongozo inaruhusu hadi 20, ila mimi huanzia 10 na kumwangalia upya. Mtoto aliye kwenye mshtuko wa kweli, yaani mapigo hafifu, mikono na miguu baridi, presha imeshuka, hupewa mililita 20 kwa kilo kwa haraka. Huyo asicheleweshewe maji kwa hofu ya ubongo, kwa sababu ubongo usiopata damu nao unaharibika.

Najua hofu ya kumwaga maji ina mizizi huku kwetu. Utafiti wa FEAST uliochapishwa mwaka 2011, ambao Mulago, Mbale, Soroti na Lacor zilishiriki, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walikufa zaidi walipopewa maji ya haraka. Lakini wale hawakuwa watoto wa ketoasidosisi. Huyu wa kwetu amepoteza maji kwa mkojo kwa siku nyingi na ni lazima yarudishwe. Suala ni kasi yake.

Msichana wetu mikono yake ni ya joto, na ukibonyeza kucha damu inarudi ndani ya sekunde mbili. Basi hapewi tena maji ya haraka. Zile mililita 500 zinaandikwa kwenye karatasi ya maji na zinatolewa kwenye deni lake.

Hesabu ya maji

Kadiria maji aliyopoteza. Kwa ketoasidosisi ya wastani chukua asilimia 7 ya uzito, na kwa kali asilimia 10. Usipande zaidi ya hapo, kwa kuwa pumzi nzito na midomo mikavu humfanya mtoto aonekane amekauka kuliko alivyo.

Asilimia 7 ya kilo 20 ni mililita 1,400. Toa 500 za kliniki, zinabaki 900. Zigawe kwa saa 48, unapata kama mililita 19 kwa saa. Kisha ongeza maji ya kawaida ya siku: mililita 100 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, 50 kwa kila kilo katika 10 zinazofuata. Jumla ni 1,500 kwa siku, au mililita 62 kwa saa. Ukijumlisha, mtoto huyu anatakiwa kupata mililita 81 kwa saa, na hiyo ndiyo jumla ya kila kitu kinachoingia mshipani, dripu ya insulini ikiwemo.

Hapa kuna ubishi niuseme wazi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2018 ulilinganisha maji ya haraka na ya polepole kwa watoto wa ketoasidosisi, na haukuona tofauti ya maana katika madhara ya ubongo. Kwa hiyo kasi ya maji si mkosaji pekee. Ubongo wa watoto hawa huenda unaumia mapema, kwa kukosa damu ya kutosha kabla hata hawajafika kwetu, na maji yanayorudi yanaukuta tayari umejeruhiwa. Lakini watoto wale walikuwa na pampu, vipimo vya mara kwa mara na mtu wa kuwaangalia kila saa. Mahali ambapo muuguzi mmoja ana vitanda arobaini, nabaki na saa 48. Kasi ndogo inakupa muda wa kuona kosa kabla halijawa kubwa.

Insulini: isubiri maji kwa saa moja

Insulini haianzi pamoja na maji. Inasubiri angalau saa moja tangu maji yaanze, kwa sababu kuiwahisha kumehusishwa na kuvimba kwa ubongo, na kwa sababu maji peke yake hushusha sukari mwanzoni. Huyu alianza maji kliniki, kwa hiyo saa yake imeshapita. Usimpe sindano ya insulini ya kuanzia mshipani, ile ya kusukuma yote mara moja. Haimsaidii mtoto, na inaweza kushusha potasiamu na sukari ghafla.

Dozi ni yuniti 0.05 hadi 0.1 kwa kila kilo kwa saa. Mimi huchukua 0.05 kwa mtoto chini ya miaka 5, kwa ketoasidosisi nyepesi, na pale ambapo sijapata jibu la potasiamu. Wengine huanza na 0.1. Msichana wetu potasiamu yake imerudi 4.1 na ameshakojoa, basi anapata 0.1, yaani yuniti 2 kwa saa.

Bila pampu, tumia bureti yenye matone madogo, ile ambayo matone 60 ni mililita moja. Uzuri wake ni kwamba idadi ya matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, hakuna hesabu nyingine. Chukua insulini ya kawaida isiyo na ukungu, yuniti 50, ambazo ni mililita 0.5 za chupa ya yuniti 100 kwa mililita. Zivute kwa sirinji ya insulini, uzitie kwenye salaini ya mililita 500 na ugeuzegeuze chupa. Sasa kila mililita ina yuniti 0.1. Kwa mchanganyiko huu, dozi ya 0.1 kwa kilo ni matone mengi kama kilo za mtoto: kilo 20, matone madogo 20 kwa dakika. Ukitaka 0.05, ni matone 10.

Insulini hushika kwenye plastiki ya mpira wa dripu. Kabla ya kuunganisha, acha kama mililita 20 au zaidi za mchanganyiko zipite mpirani na uzimwage, la sivyo saa ya kwanza mtoto atakuwa anapata salaini tupu na wewe utadhani insulini haifanyi kazi. Kwenye bureti jaza mililita 40 tu, za saa mbili, kisha funga klipu ya juu. Hata roda ikilegea mtoto akijigeuza, kinachoweza kuingia ni yuniti 4, si 50. Na chupa iandike kwa kalamu nene: INSULINI, yuniti ngapi, saa ngapi, nani kaichanganya.

Mililita 20 za insulini zikitoka kwenye 81, dripu kuu inabaki na 61 kwa saa. Ukiwa na bureti ya pili ni matone madogo 61 kwa dakika. Ukiwa na mpira wa kawaida wa matone 20 kwa mililita, gawa kwa tatu: matone 20 kwa dakika. Yahesabu kwa dakika nzima ukiwa na saa mkononi, na urudie kila nusu saa.

Pasipo na bureti kabisa, na mtoto ana fahamu na mzunguko mzuri wa damu, insulini ya kawaida inaweza kuchomwa chini ya ngozi kila saa 4, yuniti 0.13 hadi 0.17 kwa kilo. Ni afadhali hivyo kuliko dripu ya insulini isiyo na wa kuihesabu.

Potasiamu

Mwili wa mtoto huyu umepoteza potasiamu nyingi hata kama damu inaonyesha kiwango cha kawaida. Insulini ikianza, ile iliyo kwenye damu inarudi ndani ya seli na moyo unaachwa bila. Kwa hiyo akishakojoa, na kipimo kikiwa chini ya 5.5, tia milimoli 20 katika kila mililita 500 za dripu kuu. Ampuli ya kloridi ya potasiamu ya asilimia 15 yenye mililita 10 ina milimoli 20, lakini zipo ampuli za nguvu nyingine, basi soma lebo kila mara. Kipimo kikiwa chini ya 3, insulini isubiri mpaka potasiamu ipande. Geuza chupa juu chini mara kadhaa baada ya kuitia: potasiamu hukaa chini, na mtoto anaweza kupokea yote kwa dakika chache. Haisukumwi kwa sirinji mshipani kamwe.

Bikaboneti ya sodiamu iache kabatini. Inavutia kuona asidi na kutaka kuizima, lakini bikaboneti yenyewe imehusishwa na kuvimba kwa ubongo. Asidi hii inazimwa na insulini na maji.

Sukari ikishuka, usiguse insulini

Pima sukari kila saa. Unataka ishuke milimoli 2 hadi 5 kwa saa. Msichana wetu: saa sita mchana 27, saa saba 23, saa nane 19, saa tisa 16.

Hapa ndipo mikono huwasha. Mtu anaona 16, anafurahi, anafunga insulini. Jioni mtoto anapumua tena kama mwanzo. Insulini katika ugonjwa huu inapewa kwa ajili ya ketoni, na ketoni huchelewa kuisha kuliko sukari. Kwa hiyo sukari ikifika 17 au chini yake, ongeza dekstrosi na uache insulini iendelee. Toa mililita 50 kwenye chupa ya salaini ya 500, tia mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 50, na umepata dekstrosi ya asilimia 5 ndani ya salaini. Potasiamu inatiwa vilevile. Sukari ikiendelea kushuka kuelekea 10, toa mililita 100 na utie 100, ipande asilimia 10. Ikishindikana hata hapo, ndipo unapunguza insulini hadi 0.05, ukiangalia kwamba pumzi inazidi kutulia.

Kitu ambacho usikifanye ni kumwekea dekstrosi ya asilimia 5 ya maji matupu, ile ya chupa isiyo na chumvi. Sukari yake inatumika, kinachobaki ni maji, na maji hayo yanakwenda kwenye ubongo.

Saa ya 4 hadi ya 12

Kuvimba kwa ubongo hutokea kwa watoto wachache, chini ya 1 kati ya 100 kwenye hospitali zenye kila kitu, ila kati ya wanaopatwa, mmoja katika watano hivi hufa. Mara nyingi huja kati ya saa ya 4 na ya 12 tangu tiba ianze, wakati ambapo karatasi ya sukari inapendeza na watu wameanza kupumzika. Wanaohofiwa zaidi ni watoto wadogo, waliogunduliwa kisukari kwa mara ya kwanza, wenye asidi kali na wenye urea ya juu.

Kila saa andika mapigo ya moyo, presha na fahamu. Muulize jina lake, mama yuko wapi, anaumwa wapi. Kulala kwa mtoto aliyechoka kunafanana sana na kulala kwa ubongo unaovimba, kwa hiyo mwamshe.

Saa kumi na moja na nusu jioni mama yake anakuja mezani. "Sista, anasema kichwa kinamuuma. Na amejikojolea, siyo kawaida yake."

Pima sukari kwanza, ni sekunde chache: 13, basi si kushuka kwa sukari. Mapigo yaliyokuwa 124 yamekuwa 88. Presha iliyokuwa 100 kwa 60 ni 126 kwa 84. Anajibu, lakini kwa hasira na kwa maneno yasiyofuatana. Mapigo kushuka huku presha ikipanda, na kichwa kipya cha kuuma, hakihitaji picha ya kompyuta kuthibitisha. Picha itakula saa mbili ambazo hana.

Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, shingo imenyooka. Mpe oksijeni kama kiwango kimeshuka. Mpe manitoli: gramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa dakika 10 hadi 15. Manitoli ya asilimia 20 ina gramu 20 katika mililita 100, kwa hiyo kilo 20 kwa dozi ya gramu 1 ni mililita 100 kamili. Isipokuwepo, salaini ya asilimia 3, mililita 2.5 hadi 5 kwa kilo, kwa muda uleule. Punguza dripu kuu kwa theluthi moja, ila usiiache presha ianguke. Insulini inaendelea. Piga simu ukiwa unaitundika manitoli, usipige kwanza ukasubiri ruhusa. Kama hakuna mabadiliko baada ya nusu saa, rudia. Ndiyo maana chupa ya manitoli iwe kando ya kitanda tangu mtoto anapolazwa, dozi yake imeshaandikwa. Ufunguo wa duka la dawa huwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula.

Wakati dawa inaingia, tafuta kilichobadilika. Sodiamu iliyokuwa 132 asubuhi, mchana ilipimwa tena ikaja 131. Namba hiyo inaonekana haina shida, na hapo ndipo inapodanganya. Sukari ikishuka, sodiamu inatakiwa ipande, karibu 2 kwa kila milimoli 5 au 6 za sukari zilizoshuka. Kufikia saa tisa sukari ilikuwa imeshuka 11, basi sodiamu ingekuwa inakaribia 136. Isipopanda, mtoto anapata maji mengi kuliko chumvi, na ni ishara inayotangulia maumivu ya kichwa.

Maji hayo yametoka wapi, ikiwa dripu imehesabiwa? Chini ya blanketi kuna chupa ya lita moja, imebaki robo. Mtoto ana kiu inayotisha, analia maji, bibi amemhurumia. Hakuna atakayethibitisha kwamba chupa hiyo ndiyo iliyomvimbisha ubongo, lakini robo tatu ya lita ya maji matupu kwa mtoto wa kilo 20 ni nyingi kuliko kosa lolote la matone. Familia iambiwe mapema, kwa lugha wanayoielewa, na kwa sababu yake: mama, kiu hii tunaitibu mshipani, akinywa sasa maji yanakwenda kichwani. Mruhusu kulowesha midomo kwa kitambaa. Ukisema tu asinywe, watampa ukigeuka.

Kutoa dripu

Msichana wetu alitulia ndani ya dakika 25, mapigo yakarudi 110, akamtambua bibi. Mtoto asiyetulia baada ya dozi ya pili anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, na gari litafutwe usiku huohuo, manitoli nyingine ikiwa garini.

Dripu ya insulini inatolewa pumzi ikiwa ya kawaida, kutapika kumekoma, na anataka kula. Kama bikaboneti inapimika, iwe imefika 18. Usingoje karatasi ya mkojo iwe safi kabisa, kwa kuwa ketoni za mkojo hubaki hata asidi ya damu ikishaisha. Mchome insulini ya kawaida chini ya ngozi, mpe chakula, na uache dripu iendelee saa moja hadi mbili baada ya sindano. Ukiifunga palepale, insulini ya mshipani inaisha kwa dakika chache, ile ya ngozini bado haijaanza, na ketoni hurudi kabla ya zamu ya usiku kuisha.